Mto wa Sh750 unaokula faida ya kava

Ukiagiza mzigo kutoka Guangzhou, bei ya kiwandani ni mwanzo tu. Kuna invoisi ya meli, ushuru wa forodha, halafu ya wakala na kupakua. Wafanyabiashara wengi hujumlisha zote na kuzigawa kulingana na thamani ya bidhaa. Sisi tunaona hapo ndipo pesa hupotelea.

Chukua mfano. Umeleta kava za simu 1,000 za Sh60 na mito 200 ya Sh300. Kila aina imekugharimu Sh60,000. Meli ni Sh60,000, ushuru Sh54,000, wakala na kupakua Sh18,000. Jumla ya gharama za njiani ni Sh132,000. Ukigawa kwa thamani, kila upande unabeba nusu: kava inafika kwa Sh126 na mto kwa Sh630. Unauza mto Sh750, unajiambia umepata Sh120.

Lakini meli haikukulipisha kwa thamani. Mzigo kama huu hulipiwa kwa nafasi, zile mita za ujazo zilizoandikwa CBM kwenye invoisi. Kava zilichukua nusu mita, mito mita mbili na nusu. Kwa hivyo meli ni Sh10,000 kwa kava na Sh50,000 kwa mito. Kupakua nako tukigawe kwa nafasi: Sh3,000 na Sh15,000.

Ushuru usiukisie. Hutozwa kwa thamani, na kiwango hutofautiana kati ya bidhaa na bidhaa. Mwombe wakala ile entri ya forodha, usome kila mstari. Tuseme inaonyesha Sh22,500 kwa kava na Sh31,500 kwa mito. VAT iweke kando kama umesajiliwa na unaidai. Kama hujasajiliwa, hiyo pia ni gharama yako.

Sasa jumlisha. Kava zote Sh95,500, yaani Sh95.50 kila moja. Mito Sh156,500, yaani Sh782.50. Ule mto wa Sh750 unakupa hasara ya Sh32.50, na ndiyo maana unaisha haraka! Kava nazo umeziwekea Sh150 ukidhani zimekugharimu Sh126, jirani anaziuza Sh130 na bado anapata.

Ukiona bidhaa kubwa nyepesi zinatoka mbio, simu inalia meseji za malipo siku nzima, na pesa ya oda ijayo haitoshi, anza kuchunguza hapo. Na ugawe kwa vipande vinavyouzika: mito 10 ikifika imeraruka, Sh156,500 inabebwa na 190, karibu Sh824 kila mmoja.

Ukilipa kwa simu, lipa kila invoisi peke yake na uandike namba yake, ndio usichanganye ya meli na ya wakala. Ile ya kuhifadhi mzigo bandarini huchelewa, mara nyingine nusu ya mito imeshauzwa. Muulize wakala makadirio kabla hujapanga bei.