Muuguzi Anapoondoka: Hesabu Isiyoonekana Katika Vitabu vya Kituo

Katika taarifa ya fedha ya mwisho wa mwaka, kiti cha muuguzi kilichokaa wazi kwa miezi mitatu huonekana kama faida. Fungu la mishahara limebaki na salio, na wajumbe wa kamati ya fedha hupongeza ubanaji wa matumizi. Hasara yenyewe imetawanyika: kiasi kimo katika malipo ya saa za ziada, kiasi katika nauli, na kiasi hakikuandikwa popote, kwa kuwa mgonjwa aliyekuta mlango umefungwa haachi stakabadhi. Ndiyo maana mganga mfawidhi anapoomba fedha za kuwabakiza watumishi huulizwa, “Faida yake iko wapi?”, naye hukosa jibu lenye tarakimu.

Swali hilo lina uzito wa pekee Karagwe na Kyerwa, ambako vituo vya makanisa ni nguzo ya huduma ya afya, na ambako mtumishi aliyezaliwa mbali hufika baada ya safari ndefu kutoka Bukoba au Mwanza. Vituo hivyo vinashindana na mwajiri mkubwa kuliko wote, yaani Serikali. Katikati ya miaka ya 2000, Serikali ilipoongeza ajira na kuboresha mishahara ya sekta ya afya, hospitali za makanisa nchini ziliwaona wauguzi wake wakihamia upande huo. Hadi leo, kila Serikali inapotangaza nafasi, wasimamizi wa vituo hivyo hukosa usingizi.

Basi tuchukue kituo cha afya cha kufikirika, kilicho juu ya kilima huko Kyerwa, chenye wauguzi kumi, ambacho hupoteza watatu kwa mwaka. Kila muuguzi analipwa shilingi 600,000 kwa mwezi, na kituo kinaongeza asilimia 10 ya mchango wa mwajiri NSSF, jumla 660,000. Tarakimu hizi ni za mfano. Kila kituo kitaweka zake.

Muuguzi mmoja ameondoka, na nafasi imekaa wazi miezi mitatu. Wenzake wanafanya zamu 15 za ziada kila mwezi kuziba pengo. Hapa wengi hukosea kwa kuhesabu posho ndogo iliyozoeleka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kwa mshahara huu, zamu ya saa nane ni takribani shilingi 37,000. Sheria hiyo pia inaweka ukomo wa saa 50 za ziada katika wiki nne, hivyo zamu hizo haziwezi kubebwa na watu wawili. Zinahitaji angalau watatu. Zamu 45 ni shilingi 1,665,000. Kumtafuta mrithi, kumsaili, kumsafirisha na mizigo yake na kumpa posho ya kujikimu kunafikia, tuseme, 800,000.

Mrithi naye haanzi akiwa mkamilifu. Ikiwa mwezi wa kwanza anafanya nusu ya kazi ya mzoefu, wa pili sehemu saba za kumi, na wa tatu sehemu tisa, kituo kimelipa karibu mwezi mzima wa mshahara bila kupata kazi yake. Ukijumlisha saa za muuguzi mwandamizi anayemwelekeza, tunapata kama 750,000.

Linabaki pato lililopotea. Zamu za ziada hazikuziba pengo lote, kwa hiyo huduma ya usiku ilifungwa mara mbili kwa wiki, yaani siku 26. Rejista ya wagonjwa wa nje ya MTUHA ya miezi iliyotangulia inaonyesha wastani wa wagonjwa sita kwa usiku. Tusihesabu pesa yote ambayo wangelipa, kwa kuwa dawa ambazo hazikutolewa bado ziko ghalani. Tuhesabu kinachobaki baada ya dawa na vifaa, mathalani 4,000 kwa kila mmoja: 624,000.

Jumla ni shilingi 3,839,000, na wapo wanaoishia hapo na kukimbilia kamatini. Hawajamaliza. Katika miezi ile mitatu kituo hakikulipa mshahara wa kiti kilichokuwa wazi, yaani 1,980,000. Lazima kiasi hicho kitolewe, na hasara halisi inakuwa 1,859,000. Mkulima wa kahawa anayeketi katika kamati hiyo ataliona mara moja, kwa sababu yeye mwenyewe hatangazi mapato ya mavuno kabla ya kutoa ujira wa wachumaji. Malipo ya likizo ambayo muuguzi hakuichukua nayo yasiingizwe: ni haki yake iliyokwisha kutengenezwa, awe ameondoka au amebaki. Kwa muuguzi aliyeazimwa na Serikali, mambo hubadilika. Mshahara wake haukulipwa na kituo, hivyo akihamishwa hakuna kinachookolewa cha kutoa.

Kutoa huko kunabadilisha uamuzi wenyewe. Tuseme mganga mfawidhi anapendekeza nyongeza ya 50,000 kwa mwezi kwa wauguzi wote kumi. Pamoja na NSSF, hiyo ni 6,600,000 kwa mwaka, na inalipwa pia kwa wale saba ambao wangebaki hata bila nyongeza. Kwa ile hesabu ya kwanza, ingetosha kuwazuia wawili wasiondoke. Kwa hesabu sahihi, ingebidi wazuiwe karibu wanne, ilhali wanaoondoka ni watatu. Hata wote wakibaki, nyongeza haijirudishi. Huenda bado inastahili, kwa kuwa mshahara wa haki ni suala ambalo Kanisa limelifundisha tangu waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891. Lakini basi iombwe kwa jina la haki, si kwa jina la akiba.

Pendekezo la pili ni kukarabati nyumba nne za watumishi, kuweka matangi ya maji ya mvua na umeme wa jua, kwa shilingi 5,400,000. Zikidumu miaka sita, ni 900,000 kwa mwaka, na 300,000 za matengenezo. Kwa miaka mitatu ni 3,600,000. Katika muda huo wangeondoka tisa. Wakizuiwa wawili tu, gharama imerudi.

Lakini je, watazuiwa? Hapo daftari la fedha halisaidii. Yanahitajika mazungumzo na aliyeondoka, yakiongozwa na mtu ambaye hakuwa msimamizi wake, ikiwezekana miezi michache baadaye. Barua ya kuacha kazi huandika “sababu za kifamilia” hata pale mtu alipochoshwa na mshahara unaochelewa. Anayefuata ajira ya kudumu na pensheni ya Serikali hatazuiwa na tangi la maji, na asihesabiwe miongoni mwa wanaoweza kubaki. Aliyechoka kupanga chumba mbali na kituo na kurudi usiku kwa miguu, huyo ahesabiwe. Tena mwaka mmoja usiaminiwe peke yake: katika kundi la watu kumi, ndoa moja na uhamisho mmoja wa mwenzi vinatosha kuifanya taarifa ionekane kama janga. Kamati ipewe orodha ya miaka mitatu, kila aliyeondoka na sababu yake, na mbele yake tarakimu mbili tu: hasara halisi kwa mtu mmoja, na idadi ya watu ambao lazima wabaki ili fedha inayoombwa irudi.