Kiwanda Kukodishwa si Kiwanda Kuuzwa

Kwa Mhariri,

Sisi wakulima wa miwa wa Ndhiwa tumesoma katika gazeti lako kwamba mwenye kiwanda cha sukari cha hapa kwetu sasa amekinunua na kile cha Awendo, na kwamba mkulima hana tena pa kukimbilia. Habari hiyo ina makosa mawili, na yote mawili yanatugusa mfukoni.

Kosa la kwanza ni neno "kununua". Kampuni ya Sukari ya Nyanza Kusini, yaani Sony, iliyoanzishwa mwaka 1976, ni mali ya umma, na hisa zake karibu zote ziko mikononi mwa Serikali. Mnamo Mei 2025 Serikali ilikikodisha kiwanda hicho kwa muda wa miaka 30. Mpangaji hulipa kodi, huendesha mitambo na huuza sukari. Hisa hazikuhama, wala ardhi ya shamba la kampuni haikupata mwenyewe mpya. Tofauti hii si ya wanasheria pekee. Mwenzetu aliyepeleka miwa Awendo kabla ya ukodishaji akadhani kiwanda kimeuzwa, atamdai mpangaji deni ambalo hakulifanya, ilhali mdaiwa wake ni kampuni ya zamani na Serikali iliyo nyuma yake.

Kosa la pili ni la jina. Aliyekodishwa Sony ni Busia Sugar Industry. Kiwanda cha Ndhiwa, Sukari Industries, ni cha kundi la makampuni ya familia ya Rai. Hawa si kitu kimoja. Kampuni ya Busia na West Kenya, ambayo nayo ni ya kundi la Rai, zimeshindana kwa miaka mingi, hata mahakamani. Tunakisia mwandishi wako alipopotelea: siku zile zile viwanda vinne vya Serikali vilikodishwa pamoja, na Nzoia ndicho kilichokwenda kwa West Kenya. Nzoia iko Bungoma, Mhariri, si Awendo.

Hatupuuzi hofu ya sukari yote kuangukia mkono mmoja. Ni hofu ya haki. Lakini kwa sasa lori la miwa likitoka Ndhiwa, viwanda hivi viwili vina wakubwa tofauti, na mkulima anayeambiwa kwamba bei ni ile ile kwa kuwa "tajiri ni mmoja" anadanganywa.

Mwandishi angeweza kuhakikisha kabla ya kuchapa. Msajili wa Makampuni hutoa, kwa ada ndogo, hati iitwayo CR12, yenye majina ya wakurugenzi na wenye hisa. Hati hiyo ina mipaka yake: mwenye hisa akiwa ni kampuni nyingine, ni lazima kuomba CR12 ya kampuni hiyo pia, na hivyo hivyo hadi lifikiwe jina la mtu. Wala mpangaji hatatokea humo, kwa maana mpangaji si mwenye hisa. Yeye hutafutwa katika mkataba wa ukodishaji.

Twaomba masahihisho haya yachapwe katika ukurasa ule ule uliobeba habari ya kwanza, kabla wenzetu hawajatia sahihi mikataba ya msimu ujao.

Ni sisi wakulima wa Ndhiwa.