Ukihesabu siku kwa kalenda, gawanya kwa 365

Leo tunaacha mbolea kidogo tuongelee hesabu ya riba, kwa sababu msimu wa kukopa pembejeo unakuja na mabishano ya mwezi wa saba huanzia kwenye karatasi tunazosaini mwezi wa kumi na moja. Watu wengi huangalia asilimia ya riba tu, wakashauliza wachache sana: siku za mkopo zinahesabiwaje?

Kuna njia mbili za haki. Ya kwanza ni siku halisi: unahesabu siku kwenye kalenda kama zilivyo, Februari siku 28 na Julai siku 31, kisha unagawanya kwa 365. Ya pili ni mwaka wa miezi iliyolingana: kila mwezi unapewa siku 30, hata Februari, na mwaka unakuwa na siku 360. Njia hii ya pili ni ya zamani, ilipendwa kwa sababu ilirahisisha hesabu ya kalamu na karatasi wakati hakuna kikokotoo. Hakuna ubaya katika njia yoyote kati ya hizi mbili. Ubaya ninaoupinga hapa ni kuzichanganya.

Tuchukue mfano. Mkulima amekopa shilingi 2,000,000 tarehe 15 Novemba 2024 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, akalipa yote kwa mkupuo tarehe 15 Julai 2025 baada ya kuuza mahindi. Riba ya mwaka mzima ingekuwa shilingi 360,000. Sasa tuone ya muda wake.

Kwa siku halisi: Novemba zimebaki siku 15, Desemba 31, Januari 31, Februari 28, Machi 31, Aprili 30, Mei 31, Juni 30, na Julai 15. Jumla ni siku 242. Ukigawanya 360,000 kwa 365 unapata kama shilingi 986 na senti 30 kwa siku. Zidisha kwa 242, riba ni shilingi 238,685.

Kwa miezi ya siku 30: kuanzia tarehe 15 ya mwezi wa kumi na moja hadi tarehe 15 ya mwezi wa saba ni miezi 8 kamili, yaani siku 240. Ukigawanya 360,000 kwa 360 unapata shilingi 1,000 kwa siku. Riba ni shilingi 240,000.

Sasa mchanganyiko. Mweka hazina anahesabu siku kwa kalenda, anapata 242, halafu anagawanya kwa 360. Kila siku inakuwa shilingi 1,000 na riba inakuwa 242,000. Amechukua siku nyingi kutoka njia moja na siku ghali kutoka njia nyingine. Kwenye kila njia amechagua upande unaomwumiza mkopaji.

Najua jibu litakalokuja: "Afisa, shilingi elfu tatu na kitu ndiyo ya kuandikia?" Kwa mtu mmoja ni 3,315. Kwa wakopaji 30 wenye mkopo kama huo ni karibu 99,450, kila msimu, kwa sababu ya namba moja ya kugawia ambayo hakuna mwanachama aliyeikubali kikaoni. Wengine hujitetea kwamba mabenki makubwa hufanya hivyo kwenye mikopo ya dola. Ni kweli, siku halisi juu ya 360 ni desturi ya soko la dola, wakati soko la pauni hugawanya kwa 365. Lakini huko desturi imeandikwa kwenye mkataba, na anayekopa anajua kwamba asilimia anayosomewa ni ndogo kuliko anayolipa. Kwetu inafichwa ndani ya kikokotoo.

Kuna kipimo rahisi cha kuitambua. Muulize anayekukopesha: "Nikikaa na mkopo kuanzia 15 Novemba hadi 15 Novemba inayofuata, riba ni ngapi?" Njia zote mbili za haki zitajibu 360,000 kwa mwaka wa siku 365. Ukiambiwa 365,000, umeshajua. Mwaka mrefu wenye Februari ya siku 29 utaongeza siku moja kwa anayetumia siku halisi juu ya 365, hiyo isikushtue.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi kwa fedha. Wapo wanaosema "sisi tunatumia mwezi wa siku 30" wakimaanisha kwamba ukigusa mwezi umeula wote. Mkulima wetu wa juu akichelewa siku tatu, akalipa 18 Julai kwa sababu mnunuzi hajamtumia hela, anatozwa miezi 9: shilingi 270,000. Hiyo haimo katika njia ya siku 30. Kwa njia hiyo tarehe 18 ni siku 243, na riba ni 243,000. Zile 27,000 za ziada ni riba ya siku 27 ambazo hela ilikuwa imesharudi kwa mwenyewe. Kama kikundi kinataka faini ya kuchelewa, kiiandike faini na kitaje kiasi chake. Kisiiite hesabu ya siku.

Basi tuchague ipi? Kwa mkopo wa marejesho ya kila mwezi, siku 30 zinafaa, kwa kuwa kila mwezi unahesabiwa sawa na watu hawagombani kuhusu Februari. Lakini mkopo wetu wa msimu hulipwa mara moja, na tarehe inategemea soko. Mfanyabiashara anayepeleka maharage Tunduma naye hukopa kwa siku au wiki chache. Hapo siku 30 zinapotosha. Kutoka 15 Februari hadi 15 Machi ni siku 28, lakini zitaandikwa 30. Kutoka 30 Julai hadi 31 Julai umelala na hela usiku mmoja, lakini zitaandikwa siku sifuri. Kwa mikopo ya namna hii msimamo wangu ni siku halisi juu ya 365.

Mwenye simu ya kufungua jedwali la hesabu anaweza kuhakiki mwenyewe:

```
=DAYS(DATE(2025,7,15),DATE(2024,11,15))
=DAYS360(DATE(2024,11,15),DATE(2025,7,15))
```

Ya kwanza itatoa 242 na ya pili 240. Angalia kwamba `DAYS` inaanza na tarehe ya mwisho, na `DAYS360` inaanza na tarehe ya kukopa. Ukizigeuza utapata namba yenye alama ya kutoa mbele.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya kijamii vya fedha katika daraja la nne, na kila kikundi kina katiba yake. Humo ndimo mambo haya yaandikwe kabla ya mikopo ya Novemba: siku zinahesabiwa kwa kalenda na kugawanywa kwa 365, siku ya kupokea hela haihesabiwi, siku ya kulipa inahesabiwa, na anayelipa katikati ya mwezi hulipia siku alizokaa na hela, basi. Kiongozi atakayepinga sentensi hizo nne, mwombeni awaonyeshe hesabu ya mkopo wa mwaka mmoja mbele ya kikao.