Cheti kikikataa, simama hapo

Tarehe 24 Aprili 2018, kwa muda wa saa mbili hivi, watu waliofungua MyEtherWallet, ukurasa ambako wengi hushughulikia makuta yao ya kidijitali, walipelekwa kwenye serveri ya wezi. Hawakukosea kuandika jina. Jina lilikuwa lenyewe, na sura ya ukurasa ilikuwa ileile. Kitu kimoja tu hakikulingana: telefone na ordinateri zao ziliwaonya kwamba cheti cha ukurasa huo hakiaminiki. Baadhi yao walibonyeza wakapita. Siku hiyo iliibwa eteri zaidi ya 200, zenye thamani ya dola karibu 150 000.

Mkasa huo unawahusu pia wakaaji wa Bukavu, Bunia au Lubumbashi, kwa sababu tabia ya kupita onyo la telefone bila kulisoma imezoeleka huku pia. Na tabia hiyo ndiyo inayofungua mlango ambao ufundi mwingine wote umejaribu kuufunga.

Kwanza inafaa kuelewa jinsi mwizi anavyoweza kukaa katikati. Njia ya karibu kabisa ni wifi ya pamoja, ile ya hoteli, ya chuo au ya biro. Telefone ikitaka kutoka nje kwenda interneti, inauliza kwa sauti ndani ya wifi nzima: nani mwenye adresi 192.168.1.1, yaani adresi ya ruteri? Kanuni ya maswali haya, inayoitwa ARP, iliandikwa mwaka 1982, wakati ordinateri za mtandao mmoja zilikuwa zinaaminiana. Haina namna ya kuhakikisha anayejibu ni nani. Mtu aliyeketi meza ya pili akijibu «ni mimi», telefone inamwamini na kuanza kumpitishia kila kitu. Yeye anasoma, kisha anapeleka mbele kwa ruteri ya kweli, na mwenye telefone haoni tofauti, labda tu koneksio inakuwa nzito kidogo.

Kwenye ordinateri ya Windows, alama ya jambo hili inaweza kuonekana kwa amri moja:

```
C:\> arp -a
192.168.1.1    3c-84-6a-10-22-b7   dynamique
192.168.1.37   3c-84-6a-10-22-b7   dynamique
```

Safu ya katikati ni namba ya chombo chenyewe. Hapa ruteri na mgeni mwingine wa wifi wana namba moja. Si ushahidi kamili, maana chombo kimoja kinaweza kuwa na adresi mbili kwa sababu halali, lakini inatosha kuacha kazi ya makuta kwenye wifi hiyo na kutumia koneksio ya telefone yenyewe.

Njia ya pili haihitaji mwizi awe karibu. Kila jina la ukurasa lazima ligeuzwe kuwa namba, na kazi hiyo inafanywa na serveri ya majina, kwa kawaida ya kampuni inayouza interneti. Serveri hiyo ikipata jibu, inalitunza kwa muda ili isiulize tena. Jibu la uongo likiingia humo, wateja wote wanaouliza jina hilo wanapotezwa mpaka muda wake uishe. Mwaka 2008 mtaalamu wa Marekani, Dan Kaminsky, alionyesha kwamba jambo hilo lilikuwa rahisi kuliko ilivyodhaniwa, kwani jibu lilitambuliwa kwa namba moja tu kati ya 65 536, na mwizi aliweza kubahatisha tena na tena bila kungoja. Serveri zikarekebishwa: sasa kila swali linatoka pia kwenye mlango uliochaguliwa kwa bahati, na mwizi lazima apatie vyote viwili kwa wakati mmoja. Iko pia DNSSEC, ambayo inatia sahihi kwenye majibu yenyewe, lakini inasaidia tu pale mwenye jina ameiweka na serveri ya majina inaikagua.

Wezi wa 2018 hawakubahatisha namba yoyote. Walitangaza kwenye njia kubwa za interneti kwamba maswali yaliyokuwa yanakwenda kwa Amazon, iliyokuwa ikijibu kwa niaba ya MyEtherWallet, yapitie kwao. Maswali yakafika mikononi mwao, wakajibu uongo, na serveri za majina zikautunza uongo huo.

Tuseme basi mwizi amefaulu, kwa njia ya kwanza au ya pili. Bado kuna kizuizi kimoja. Ukurasa wa https lazima uonyeshe cheti kilichotiwa sahihi na shirika ambalo telefone inalifahamu. Wezi wa 2018 hawakuwa nacho, wakajitengenezea chao. Kwa hiyo onyo lilitokea, kama lilivyopaswa kutokea. Ulinzi ulifanya kazi yake, na ni binadamu waliousogeza pembeni.

Kuwalaumu peke yao si haki. Telefone iliyozimika betri ikarudi na tarehe ya miaka iliyopita inatoa maonyo kwa kila ukurasa. Biro nyingine zinasahau kufanya upya cheti chao, na mteja akiuliza anaambiwa: «bonyeza tu, upite». Mtu aliyepita mara 20 bila shida atapita hata mara ya 21.

Dawa ni kusoma mstari mdogo ulio chini ya maneno «Votre connexion n'est pas privée». Ukiwa umeandikwa `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`, kwanza angalia tarehe ya telefone. Ukiirekebisha na onyo likaondoka, ilikuwa saa tu. Lakini ukisoma `NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID` kwenye ukurasa wa banki au wa barua, ambao jana ulifunguka vizuri, maana yake aliyetia sahihi cheti hajulikani. Hapo usibonyeze «Paramètres avancés». Funga, toka kwenye wifi hiyo, jaribu kwa koneksio nyingine. Na tarehe ikiwa sawa lakini onyo bado lipo, usiandike neno la siri, hata kama kosa ni la biro.

Cheti nacho kina mpaka wake. Kinathibitisha jina, hakithibitishi uaminifu wa mtu. Mwizi aliyenunua jina linalofanana na la banki yako, herufi moja tu ikiwa tofauti, anaweza kupata cheti safi kwa jina hilo lake. Ndiyo maana jina lenyewe lisomwe herufi kwa herufi.

Wenye mitandao nao wana deni. Hoteli na vyuo vinaweza kuwasha `AP Isolation` ndani ya ruteri, ili telefone za wageni zisiweze kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Ruteri nyingi zina kitufe hicho tayari, na hakiongezi gharama. Banki na makampuni yanayoshika makuta ya watu ziweke `Strict-Transport-Security` kwenye kurasa zao. Telefone iliyokwisha kufungua ukurasa wa namna hiyo mara moja hukumbuka amri hiyo, na siku cheti kikiwa kibaya haitoi tena njia ya kupita. Mteja mwenye haraka anaokolewa na mlango usio na kitasa.

Na mfanyakazi yeyote wa biro anayemwambia mteja «bonyeza tu, upite» ajue anachokifundisha. Anamzoesha mteja kumfungulia mwizi.