Feza imetoka kwangu, haiyafika kwako: iko wapi?

Siku ya posho, tarehe 14 mwezi wa sita 2025, mchimbaji mmoja tunayemjua vizuri alipanda kilima nyuma ya kambi yao, upande wa Manguredjipa, kutafuta rezo. Mtoto wake alikuwa amelazwa Beni na bibi yake alikuwa anangoja dola 80. Akafungua menyu, akaandika namba ya mama watoto, akaweka namba ya siri. Kisha dakika mbili mesaji ikaingia: dola 80 zimetoka, na feza ya kutuma pia imekatwa. Akamupigia.

«Mama, nimetuma.»

«Papa, haiyafika.»

«Angalia vizuri. Kwangu imeshatoka.»

«Nimeangalia mara tatu. Hakuna kitu.»

Kisha nusu saa alikopa dola zingine 80 kwa pedeje wa kishimo, juu ya mifuko ambayo haijatoka chini, akatuma tena. Ile ya pili ilifika mara moja. Ya kwanza haikuonekana. Usiku ule mume akaanza kuwaza kwamba bibi ameificha, na bibi akaanza kuwaza kwamba mume hakutuma kitu. Kesho yake, siku ya yenga, kijana wa kabini ndiye aliitwa mwizi, na hakuwa hata ameigusa ile feza.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu tunalisikia kila wiki, Butembo na Beni, na kila mara watu wanamgombania mtu ambaye hakukosa. Tuko na neno kwa makompanyi pia, litakuja nyuma.

Kwanza tuelewe feza ya simu iko namna gani. Haiko na miguu. Ni maandishi ndani ya kitabu cha kompanyi: mbele ya namba yako kumeandikwa kiasi fulani, mbele ya namba ya bibi yako kiasi kingine. Ninyi wawili mkiwa kwenye rezo moja, kitabu ni kimoja. Kompanyi inapunguza kwako na kuongeza kwake kwa tendo moja, haiwezi kufanya nusu. Kwa hiyo mesaji yako ikisema imetoka, imekwisha kuingia pahali. Kazi ni kujua pahali gani.

Na hapa Kongo kuko pahali ambapo wengi wanasahau kuangalia. Konti yetu ya simu iko na mifuko miwili, wa franga na wa dola. Ukituma dola, zinaingia katika mfuko wa dola. Mama anayepokea franga siku zote anafungua mfuko wa franga, anaona ni ule wa jana, anasema haiyafika. Tumeona feza ikitafutwa siku mbili nzima, kumbe imelala katika mfuko wa pili. Basi anayepokea asingoje mesaji, maana mesaji inaweza kuchelewa, ao kukosa nafasi simu ikijaa. Aingie mwenyewe katika menyu, *1122# kwa M-Pesa, *501# kwa Airtel Money, *144# kwa Orange Money, aombe kiasi cha konti, mara moja kwa franga na mara moja kwa dola.

Kama mifuko yote miwili ni mitupu na rezo ni ile ile moja, soma namba uliyotumia, tarakimu moja moja. Ikiwa umekosea tarakimu, feza iko kwa mtu mwingine, na hapo kila saa ni ya bei. Kompanyi inaweza kuifunga kama bado iko ndani ya konti ya yule mtu. Akiisha kuitoa kwenye kabini, haina mkono wa kuirudisha; inabaki kumbembeleza yeye, ao kumpeleka mbele ya sheria. Hiyo ndiyo sababu ya kusoma jina linaloonyeshwa kwenye kioo mbele ya kuweka namba ya siri. Wengi wetu tunabonyeza bila kusoma, kwa sababu rezo ya pale kilimani haingoji mtu.

Lakini yule mchimbaji wetu hakukosea namba, wala mfuko. Yeye na bibi yake wako kwenye rezo mbili tofauti, na hapa habari inabadilika kabisa.

Rezo mbili ni vitabu viwili, na katikati kuko daraja. Kitabu chako kinapunguza dola 80 na kuziweka pembeni, katika konti ya kungojea ambayo si yako wala si ya bibi yako. Kisha kinauliza upande wa pili: unaweza kuandika dola 80 kwa namba hii? Upande wa pili ukijibu ndiyo, kazi imekwisha. Ukijibu hapana, kwa mfano kwa sababu konti ya bibi imefungwa ao imefikia kipimo chake, feza inarudi kwako bila shida. Ugumu ni jibu la tatu: kimya. Umeme ulikatika, daraja lilijaa, jibu lilichelewa kupita muda uliowekwa.

Wakati wa kimya, kompanyi yako haijui. Labda wenzao waliandika zile dola na ni jibu tu lilipotelea njiani. Labda hawakuandika kitu. Ikikurudishia haraka, na kumbe bibi ameshapata, feza imelipwa mara mbili. Kwa hiyo inaziacha katika konti ya kungojea mpaka makompanyi mawili yalinganishe orodha zao, mstari kwa mstari. Kazi hiyo haifanyiki dakika ile ile; na kama ni siku ya posho jioni, usitegemee sana siku ya yenga. Feza haikuibiwa na haikufika. Iko katikati, na jina lake limeandikwa.

Kwa hiyo ukiona imetoka na haijafika, usitume tena. Ile ya kwanza inaweza kufika kesho, na yule aliyekukopesha hatangoja kesho.

Halafu tafuta namba ya tendo. Iko ndani ya mesaji, na kama umeifuta, iombe katika menyu ya konti yako, pale panapoonyeshwa matendo ya mwisho. Kwa rezo fulani ni herufi na tarakimu zilizochanganyika tu. Kwa zingine inasomeka, na inafaa ujue kuisoma. Ya mchimbaji wetu ilikuwa PP250614.1743.B04127. PP ni mtu kutuma kwa mtu. 250614 ni mwaka 2025, mwezi wa sita, tarehe 14. 1743 ni saa kumi na moja na dakika 43 za magharibi. Ingeanza na CO, ingekuwa ni feza iliyotolewa kwenye kabini. Na CI ni ile iliyowekwa. Tunajua kijana mmoja aliyelia kwamba kompanyi imemnyang'anya, na namba yake ilianza na CO: ndugu yake ndiye aliyechukua simu usiku na kutoa.

Mara nyingine hakuna mesaji kabisa, kioo kimeandika kuna kosa ao rezo imekatika katikati. Usiamini kioo. Ikikatika mbele ya kuweka namba ya siri, hakuna kilichotendeka. Ikikatika nyuma yake, huwezi kujua mpaka uangalie kiasi cha konti na matendo ya mwisho.

Siku ya pili asubuhi mchimbaji wetu alishuka Butembo kwa pikipiki. Hakwenda kwenye kabini, na alifanya vizuri: kijana wa kabini anaona konti yake mwenyewe tu, hawezi kufungua kitabu cha kompanyi. Alikwenda kwenye nyumba ya kompanyi yenyewe, na simu yake, kadi ya kura, namba ya tendo, saa, kiasi, na namba zote mbili. Mara ya kwanza walimwambia «ngoja tu, itafika». Tunawaomba wasomaji wasikubali kutoka na jibu hilo. Alirudi ndani na kuuliza: tendo hili limekwisha, limekataliwa, ao linangoja? Dada wa kwenye meza akafungua, akasema: linangoja. Akauliza tena: kuko namba ya pili, ile iliyopita kwenye daraja? Ilikuwako. Akaiandika kwenye karatasi, pamoja na namba ya kilalamiko chake.

Namba ile ya pili ndiyo iliyofungua mambo. Bibi aliipeleka kwenye kompanyi yake Beni, maana namba ya kwanza kule haijulikani, ni ya kitabu kingine. Wakatafuta, wakamwambia hakuna dola 80 zilizoandikwa kwa namba hiyo. Mume akarudisha jibu hilo Butembo. Siku ya tano, tarehe 20, dola 80 zilirudi kwenye konti yake. Angalia: zilirudi kwake, hazikwenda kwa bibi. Wengi wanakaa wakiangalia simu ya anayepokea, na feza imekwisha kurudi kwa aliyetuma.

Katika siku zile sita alipigiwa simu na mtu aliyejiita wa serevisi, akimuomba namba ya siri «ili kufungua feza iliyokwama». Namna gani yule mtu alijua, hatusemi. Kwenye mlango wa kompanyi watu wanasikia mengi. Feza iliyo katika konti ya kungojea haifunguliwi na namba yako ya siri. Anayekuomba hiyo anataka zile ulizobakiza.

Kompanyi ikikaa kimya, andika barua, shika kopi iliyopigwa mukuri. Juu yake kuko Banki Kuu ya Kongo, inayotoa ruhusa kwa wanaotunza feza ya simu, na malipo ya namna hii yako chini ya sheria namba 18/019 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2018. Wengi wanakimbilia ARPTC. Ile inasimamia rezo na simu, lakini kilalamiko cha feza ni cha Banki Kuu.

Sasa neno letu kwa makompanyi. Mesaji inayosema transfer imefaulu, wakati ni kitabu cha kwanza tu kilichofanya kazi, haisemi ukweli wote, na inavunja nyumba za watu. Muandike «imetoka, inangoja upande wa pili», na muandike kwa Kiswahili. Tena mtu aweze kuuliza hali ya tendo lake kwenye menyu, kwa kuweka namba yake tu. Mchimbaji wetu alilipa pikipiki kwenda na kurudi, karibu kilometa 100 kila upande, akalala usiku moja Butembo. Akihesabu, karibu nusu ya zile dola 80 zilibaki barabarani, na pedeje alikuwa anangoja zake zote.