Kunyamaza kwa grupu ya familia si heshima

Wasee, tuambiane ukweli: kunyamaza kwa grupu ya familia si heshima. Ni uoga.

Juzi shangazi alituma meseji kwamba maji ya bamia yanaponya kisukari, achana na dawa, tuma kwa watu kumi. Juu yake kulikuwa na mishale miwili. Hiyo ni alama ya WhatsApp kwamba meseji imefowadiwa mara tano au zaidi. Kumaanisha si yeye aliyeitunga. Na mjomba wetu, anayemeza dawa za sukari kila siku, yuko kwa hiyo grupu.

Ukimjibu "hiyo ni feki" mbele ya wote, umemuaibisha. Nikamwendea inboksi: "Shangazi, asante kwa kutujali. Hii sitaituma mbele, naogopa mjomba ataacha dawa. Unaweza kumwambia aulize daktari kwanza? Wewe anakusikiza."

Baadaye akaandika mwenyewe kwa grupu: "Msiache dawa, ulizeni daktari."

Angekataa, ningempigia mjomba simu. Mkubwa akikosea, muachie njia ya kujirekebisha. Lakini usinyamaze, buda.