Fremu umeshalipia, lakini kila mwezi bado inakudai

Wauzaji wenzangu, mimi naona wengi wetu tunapiga hesabu kwa bei ya kwenye posti, siyo bei tuliyouzia kweli. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe imenikuta.

Nauza magauni, nina fremu ndogo na wateja wengi wananipata mtandaoni. Fremu nililipia miezi 6 kwa mkupuo, 1,200,000. Nikaisahau kabisa. Mwezi mmoja nikauza magauni 40, nikatoa umeme, bando na hela ya msaidizi, jumla 200,000, nikabaki na 80,000. Nikaiita faida, nikaila. Mkataba ulipoisha mwenye nyumba akataka kodi nyingine, sina hata nusu.

Ile kodi ni 200,000 kila mwezi, hata kama hela ilishatoka zamani. Ukijumlisha na zile 200,000 nyingine, duka linakula 400,000 kwa mwezi, niuze nisiuze. Kwa hiyo mwezi ule wa magauni 40 nilipata hasara ya 120,000, huku nacheka.

Sasa gauni moja linachangia shilingi ngapi? Nanunua 15,000, kulisafirisha 500, mfuko 500. Jumla 16,000. Bei niliyoposti ni 25,000, kwa hiyo nilidhani linabaki 9,000. Gawanya 400,000 kwa 9,000, unapata magauni 45 ndiyo gharama zirudi.

Kumbe siyo. Nilipofungua daftari na meseji za malipo, magauni yale 40 yaliingiza 920,000. Gawanya kwa 40: wastani ni 23,000. "Dada nipunguzie" zilikuwa zimeshakula 2,000 kwenye kila gauni! Kinachobaki ni 7,000, na 400,000 kwa 7,000 ni magauni 58. Nafungua siku 26 kwa mwezi, kwa hiyo hata nikiuza mawili kila siku bado sijafika.

Halafu kuna hii ya "delivari bure". Bodaboda akichukua 3,000 kwako, gauni linabakiza 4,000 na unatakiwa uuze magauni 100. Mia moja! Mimi nimeifuta, mteja analipa boda mwenyewe. Wachache wamenuna.

Punguzo sijalifuta, ila sishuki chini ya 24,000. Hapo gauni linabakiza angalau 8,000, na magauni 50 yanatosha.

Kama unauza vitu vya bei tofauti, fanya hivyo hivyo kwa mwezi mzima: mauzo yote, toa gharama ya vile vilivyouzika tu, gawanya kwa idadi yake. Mzigo uliolala dukani usiuingize hapo, huo ni mtaji wako umekaa.

Na ile 50 bado mimi mwenyewe sijajilipa hata senti. Nikitaka 200,000 yangu, naongeza magauni 25.